Kifurushi Kina Mwisho, Kibali Hakina

Kuna maoni yaliyozoeleka kuhusu vifurushi vya simu vinavyojirudia vyenyewe. Utayasikia kwenye kibanda cha wakala, kwa kijana anayesifika mtaani kwa kujua simu, na mara nyingine kwa mhudumu anayepokea malalamiko. Maoni hayo husema hivi: bando linalojirudia ni msaada, kwa sababu mtu hakatikiwi intaneti katikati ya kazi. Aliyenalo alilichagua mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Akilichoka, kulisimamisha ni dakika moja tu, na asipojua kusimamisha basi asiweke salio, litakufa lenyewe. Tena fedha yenyewe ni shilingi mia tano, bei ya chupa ya maji. Kwa hiyo anayelalamika kwamba salio lake linaliwa ni mzembe anayetafuta wa kumlaumu.

Maoni haya hayakutoka hewani. Ni kweli kwamba wengi waliounganishwa walibonyeza namba fulani wakati fulani. Ni kweli pia kwamba bando likikatika katikati ya kutuma nyaraka ni adha, na kwamba njia ya kujitoa kwa kawaida ipo mahali fulani. Tatizo ni kwamba kila hoja inasimama kwa kuficha jambo moja lilelile. Kifurushi cha siku kina ukomo wa saa 24, na kikifika hapo kinakufa hata kama MB zako zimebaki nusu. Kibali cha kukukata fedha ili kukinunua tena hakina ukomo wowote. Kampuni imejiwekea saa upande wa kutoa, na upande wa kupokea haikuweka hata kalenda. Nitazichukua hoja hizo moja baada ya nyingine.

1. Eti ulikubali mwenyewe

Tuanze na namna makubaliano yenyewe yanavyofanyika. Mtanzania wa kawaida hununua bando kwa kupiga nyota na reli: *149*01# kwa Vodacom, *149*99# kwa Airtel, *147*00# kwa Yas, *148*66# kwa Halotel. Menyu inayotokea hubeba herufi 182 kwa ukurasa mmoja, nafasi na alama zikiwemo. Ndani ya herufi hizo lazima paingie jina la bando, bei, muda, chaguo zenyewe na namba ya kurudi nyuma. Masharti hayawezi kukaa hapo hata yakitaka. Pale menyu inapotoa chaguo la kununua mara moja na chaguo la kujirudia, tofauti kati ya mawili hayo ni neno moja au mawili pembeni ya tarakimu. Mteja anasoma haraka kwa sababu akichelewa menyu inajifunga na itabidi aanze upya. Anabonyeza tarakimu, bando linaingia, na akili yake inahamia kwenye kile alichotaka kufanya na hilo bando.

Tukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba alisoma na alielewa. Alikubali nini hasa? Alikubali kununua leo, na labda kesho na keshokutwa, kwa bei ya siku ile na kwa mahitaji ya siku ile. Kubonyeza huko kunachukuliwa kuwa jibu la swali ambalo hakuulizwa: je, miezi minane ijayo, ukiwa umehamia bando la wiki, ukiwa na simu nyingine, ukiwa na laini ya pili ya mtandao mwingine, bado utalitaka hili? Anayesema "ulikubali" anageuza jibu la siku moja kuwa mkataba wa maisha.

Jambo la kushangaza ni kwamba wasimamizi wetu wanalijua suala la kibali vizuri. Maelekezo ya vifurushi yaliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mwaka 2021 yaliwataka watoa huduma wamjulishe mteja matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na wampe nafasi ya kukubali au kukataa kutozwa nje ya kifurushi bando likiisha. Wazo lililo nyuma yake ni safi: bando lilipoisha, ruhusa ya kukata fedha nayo imeisha, kwa hiyo omba upya. Mjadala uliotawala Aprili ya mwaka huo ulikuwa wa bei, hata Serikali ikasitisha bei mpya, na suala la kibali likapita bila kishindo. Lakini mantiki haibadiliki. Ikiwa ni makosa kumkata mteja kimyakimya kwa MB moja iliyozidi, haiwezi kuwa halali kumkata kimyakimya kwa bando zima.

2. Eti kujitoa ni rahisi

Urahisi wa kujitoa hupimwa kwa kutazama watu wanafanya nini wanapotaka kujitoa, na kwa nini hawafanikiwi. Wa kwanza huzima data kwenye simu. Haisaidii, kwa sababu data ni mlango wa kutumia bando, na ununuzi wa bando haupitii mlango huo. Wa pili hufuta programu ya kampuni ya simu, au hubadili simu kabisa. Haisaidii, kwa sababu agizo la kujirudia limeandikwa kwenye mitambo ya kampuni dhidi ya namba yako, na simu hailijui. Wa tatu huenda dukani kubadili laini iliyopotea au kuharibika akidhani ataanza upya. Namba ni ileile, agizo ni lilelile. Wa nne hujibu meseji kwa neno STOP. Hili linaweza kufanya kazi kwa huduma za namba fupi, kama zile za matokeo ya mpira au nyimbo za miito, ambazo zina tarakimu unazoweza kuzijibu. Lakini meseji ya bando mara nyingi huja na jina la mtumaji kwa herufi, na mtumaji wa herufi hawezi kujibiwa. Ujumbe wako haufiki popote. Mteja anaamini ametamka neno la kuachana, kumbe amezungumza na ukuta.

Wa tano ndiye anayefuata ushauri mashuhuri kuliko wote: usiweke salio, litakufa lenyewe. Ushauri huu ndio wenye hasara kubwa kuliko yote. Mitambo ya huduma zinazojirudia kwa kawaida imetengenezwa kujaribu tena. Ikikuta salio halitoshi, haihesabu kwamba umekataa, inahesabu kwamba hujalipa bado. Agizo linabaki kwenye foleni, na linaweza kujaribiwa tena baada ya saa kadhaa, siku inayofuata, au mara tu vocha inapoingia. Ndiyo maana watu husema salio "limeliwa kabla sijapiga hata simu". Wengine husingizia wakala kwamba amewauzia vocha mbovu. Muda ambao mteja alidhani bando limekufa ulikuwa muda wa bando kumsubiri.

Kujitoa kwenyewe, kwa anayetaka kukufanya sawasawa, kuna hatua ambazo hazipo katika hadithi ya dakika moja. Kwanza ni kujua ni nini kinachokukata, kwa maana vitu vinne hufanana sana kwenye salio: bando linalojirudia, matumizi ya nje ya kifurushi, malipo ya salio ulilokopa, na huduma ya namba fupi. Kinachovitofautisha ni umbo la makato. Bando linalojirudia hukata kiasi kamili kisichobadilika, karibu saa ileile, na hufuatwa na meseji ya kufanikiwa kujiunga. Matumizi ya nje ya kifurushi hukata kiasi kisicho na mpangilio, kidogokidogo, data ikiwa imewashwa. Mkopo hukatwa mara tu unapoweka vocha, na huishia deni likiisha. Huduma ya namba fupi hukata kiasi kisichobadilika pia, lakini hakuna MB wala dakika zinazoongezeka. Anayeruka hatua hii hujitoa kwenye kitu kisicho chake, kisha hushangaa makato yakiendelea.

Pili ni kurudi kwenye menyu ileile ya vifurushi, au kwenye programu ya kampuni, na kutafuta sehemu ya huduma ulizojiunga nazo au ya kusimamia vifurushi. Pale inapokosekana, hupigwa 100, namba ya huduma kwa wateja inayotumiwa na mitandao yetu mikubwa, na mhudumu huombwa mambo mawili tofauti: aorodheshe kila kitu kinachojirudia kwenye namba hiyo, kisha akiondoe kile unachokitaja kwa jina na bei. Ukimwambia tu "niondolee makato" anaweza kukuzuilia meseji za matangazo, na agizo la bando likabaki palepale. Kabla ya kukata simu, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Hiyo ndiyo utakayoionyesha ukifika TCRA au kwenye baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, kama kampuni haikutatua.

Tatu ni kupima, na hapa ndipo wengi hukosea hata baada ya kufanya yote mengine. Meseji ya "umejitoa" ni ahadi. Kipimo ni saa ya bando kuisha. Jitoe mapema, angalau nusu siku kabla ya muda huo, kwa kuwa baadhi ya mitambo hununua tena kabla bando la zamani halijafika mwisho. Kisha acha salio linalozidi bei ya bando, tazama kiasi chake, subiri saa ya mwisho ipite, na utazame tena. Salio likibaki vilevile, umejitoa. Kupima ukiwa na salio sifuri hakuthibitishi chochote, maana hata agizo lililo hai lisingeweza kukata kitu. Kujiunga kulihitaji tarakimu moja. Kujitoa kumehitaji uchunguzi, simu, namba ya kumbukumbu na jaribio. Anayeviita vitu hivyo viwili "rahisi" hakuvipima kwa mizani moja.

3. Eti ni hela ndogo

Tuchukue mfano wa kufikirika, wenye bei za kufikirika lakini zenye umbo linalofahamika. Fundi seremala alichagua bando la siku la shilingi 500 linalojirudia. Baada ya muda akaona la wiki la shilingi 2,000 linamfaa zaidi, akaanza kulinunua. Hakulisimamisha la siku, kwa sababu alidhani kununua jipya kunafuta la zamani. Hakufuti, ni vifurushi viwili tofauti kwenye namba moja. Jumatatu ya kwanza anaweka vocha ya 2,000 na papo hapo ananunua la wiki. Salio linakuwa sifuri, agizo la siku linajaribu na kushindwa, naye haoni kitu. Anathibitisha moyoni kwamba la siku limekufa.

Jumatatu ya pili anaweka vocha ya 2,000, na kabla hajafungua menyu mteja anampigia. Wakizungumza dakika kumi kuhusu vitanda, agizo la siku linapata ilichokuwa ikikisubiri mitambo. Salio linabaki 1,500. Anapiga menyu, anaambiwa salio halitoshi. Ananunua vocha nyingine ya 500, na bando la wiki limemgharimu 2,500. Jumatatu ya tatu anaamua kuwa mjanja, anaweka 5,000 ili abaki na akiba ya kupiga simu. Analipa 2,000 za wiki, na zile 3,000 zilizobaki zinakatwa 500 kila siku kwa siku sita, kununua bando la siku ambalo hana haja nalo kwa kuwa la wiki bado linaendelea. Katika wiki hiyo amelipa mara mbili na nusu ya bei ya kitu alichokitaka.

Lakini hasara kubwa haiko kwenye hesabu hiyo, iko kwenye tabia anayojifunza. Fundi huyu sasa anaogopa kuwa na salio. Anaishi na sifuri, anaweka vocha pale tu anapotaka kununua, na ananunua kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Siku akihitaji kupiga simu usiku na vibanda vimefungwa, anakopa salio na kulipia ada ya mkopo, kisha vocha ya asubuhi inakatwa deni kwanza. Yule aliyemwambia "usiweke salio" amemhamisha kutoka kwenye tozo moja kwenda kwenye nyingine, na bado anamwita mzembe. Vivyo hivyo kwa laini ya mzazi kijijini: mtoto aliye mjini alimuunganishia bando la intaneti alipokuja likizo, mzazi anatumia simu kupokea na kupiga tu, na kila vocha anayotumiwa inageuka MB zinazolala hadi zinakufa. Mtoto anadhani mama anaongea sana. Mama anadhani mtoto ametuma kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni vizuri kuuliza kibaba ni cha nani.

4. Eti kinakuokoa

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na inastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote. Maelekezo yaleyale ya 2021 yalitaka mteja aweze kuendelea na MB au dakika zilizobaki iwapo atanunua tena kifurushi hichohicho kabla hakijaisha muda. Kwa hiyo, wanasema, bando linalojirudia kwa wakati linaokoa masalia ambayo yangepotea. Tena bila bando, matumizi ya nje ya kifurushi ni ghali zaidi kwa kila MB. Kwa hiyo kusimamisha ni kujiumiza mara mbili.

Tuanze na masalia. Anayebakiwa na MB kila siku amepata taarifa muhimu: bando lake ni kubwa kuliko matumizi yake. Akili ya kawaida inasema apunguze, au ahamie lenye muda mrefu zaidi. Kujirudia kunamwambia kinyume: nunua tena ili usipoteze ulichokinunua bila kukihitaji. Kesho masalia yameongezeka, na sababu ya kununua imeongezeka nayo. Hapo anayeokolewa ni yule anayeuza. Tena masalia yanahitaji kuokolewa kwa sababu kampuni imeweka saa ya kuyaua. Maelekezo hayohayo yalitaka pia viwepo vifurushi visivyo na ukomo wa muda. Anayehofia masalia atapata tiba huko, ilimradi alinganishe bei ya kila MB kabla ya kununua.

Kuhusu gharama za nje ya kifurushi, hoja inasahau kwamba mteja ana haki ya kukataa kutozwa huko. Akikataa, bando likiisha data inasimama, basi. Hakuna cha kuokolewa nacho. Kumwambia mtu alipe 500 kila siku ili asikatwe kwa njia ambayo angeweza kuifunga bure ni kumuuzia ulinzi dhidi ya muuzaji huyohuyo.

5. Eti hakuna namna nyingine

Mwisho husemwa kwamba kampuni haiwezi kujua nani bado anataka na nani amesahau, na kwamba ikianza kuuliza kila mtu itawasumbua wale wanaotegemea huduma isikatike. Huu ndio mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Kampuni hizohizo hutangaza vifurushi vilivyopangwa kwa mtu mmoja mmoja kwa kutazama matumizi yake. Zinajua unapiga mtandao gani, saa ngapi, na unatumia MB kiasi gani. Mitambo yake inatambua vocha imeingia na kuikata ndani ya dakika chache. Mitambo hiyohiyo, eti, haioni kwamba namba fulani imenunuliwa bando la intaneti siku kumi mfululizo bila kutumia MB hata moja. Uono huo unaoishia pale unapoanza kumfaidi mteja ni wa kuchagua.

Na wale wanaotegemea huduma isikatike wapo kweli. Kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya ulinzi, mashine ya malipo dukani, vyote vina laini ndani na hakuna mtu wa kubonyeza menyu. Kwao kujirudia kuna maana, na mwenye kifaa hatashindwa kuthibitisha mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Kutumia mahitaji ya kamera ya ulinzi kuhalalisha makato kwenye simu ya mama anayepokea simu tatu kwa wiki ni kuchanganya mambo makusudi.

Suluhisho halihitaji teknolojia mpya. Kibali kiwe na ukomo kama kifurushi kilivyo na ukomo. Bando la siku linalojirudia lisimame lenyewe baada ya siku 30, la wiki baada ya miezi mitatu, isipokuwa mteja akijibu meseji inayotaja jina, bei na jumla ya fedha zilizokatwa tangu alipojiunga. Asipojibu, lihesabiwe amekataa. Salio lisipotosha kwa mara mbili mfululizo, agizo lifutwe badala ya kuvizia vocha. Na mahali pa kujitoa pawe kwenye ukurasa uleule wa menyu palipo na mahali pa kujiunga. Kampuni zitasema hatua hizi zitapunguza mapato. Zikisema hivyo zitakuwa zimejibu swali lenyewe, kwa sababu mapato yatakayopungua ni yale tu yanayotoka kwa watu ambao, wakiulizwa, wangesema hapana.